Posti fupi za mafunzo ya kazini bila kujimwambafai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Dodoma na mikoa ya jirani wanaotaka kuandika mfululizo wa posti fupi kuhusu waliyojifunza kazini, hasa kwa kukosea. Wanaouliza sana ni wapima ardhi, wahasibu, wauguzi, maafisa ugavi na mafundi. Maswali yao yanafanana, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nitasemaje ukweli wa kazi yangu bila kuonekana najisifu, na bila kujiingiza matatani?

Mfululizo uwe na posti ngapi?

Saba zinatosha. Chini ya tano msomaji hapati muda wa kuuzoea mwendo wako. Zikipita kumi unaanza kutafuta makosa ya kujazia, na kosa la kujazia linajulikana kwa sababu halikumgharimu mtu chochote.

Usiandike posti ya kwanza ukairusha siku hiyohiyo. Chukua daftari, andika makosa kumi na mawili, kila moja kwa mstari mmoja unaoanza na kitenzi chenye "ni-": nilisahau, nilidhani, nilisaini, nilinyamaza. Mstari ukikataa kuanza hivyo, ukajikuta unaandika "mazingira yalikuwa magumu" au "uongozi haukuelewa", hilo ni lalamiko. Huenda ni lalamiko la haki kabisa, ila halina nafasi kwenye mfululizo huu. Likate. Katika yaliyobaki chagua saba ambayo unakumbuka vizuri sababu yake. Kosa usilojua lilitokana na nini halifundishi mtu.

Rusha mbili kwa wiki. Mfululizo utaisha ndani ya wiki nne, na katikati utakuwa na nafasi ya kusoma watu wanasemaje.

Posti moja iwe na nini ndani yake?

Mambo manne: ulichofanya, kilichogharimu, sababu, na unachofanya tofauti sasa. Maneno 90 hadi 130 yanatosha kubeba yote.

Mpangilio una maana yake. Mitandao mingi, LinkedIn ikiwemo, huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, na mengine hubaki yamefichwa mpaka msomaji abonyeze. Kwa hiyo kosa likae kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Ukianza na "Safari ya kazi ina milima na mabonde", mistari yako ya bure imeisha na hujasema kitu.

Gharama ndiyo inayorukwa mara nyingi, na posti isiyo nayo hunuka majigambo hata kama mwandishi hakukusudia. Gharama si lazima iwe fedha. Ni siku ngapi zilipotea, nani alirudia kazi, nani alisimama juani akikusubiri, nani alilipa. Na kama aliyelipa si wewe, sema.

Kwenye status ya WhatsApp ya maandishi nafasi ni herufi 700, yaani takribani maneno mia moja ya Kiswahili. Posti ikizidi, igawe kwenye status mbili: ya kwanza kosa na gharama, ya pili sababu na badiliko. Usiibane kwa kufuta sababu. Na kwa kuwa status hutoweka baada ya saa 24, tunza nakala mahali pengine kabla hujairusha.

Naomba mfano, tangu rasimu mpaka posti iliyokamilika.

Tuchukue mpima ardhi anayefanya kazi pembezoni mwa jiji, huko ambako mashamba yanageuka viwanja. Rasimu ya kwanza ya mtu wa namna hii kwa kawaida huja hivi:

> Miaka minane kwenye upimaji imenifunza unyenyekevu. Nikiwa bado kijana niliaminiwa kuongoza mradi mkubwa wa viwanja. Tulikutana na changamoto ya kitaalamu ambayo wengi wangekata tamaa. Sikulala. Namshukuru Mungu tuliitatua, na leo mradi ule ni mfano wa kuigwa. Usiogope kukosea!

Tafuta kosa humo. Halimo. Kuna neno "changamoto", ambalo katika maandishi ya kikazi siku hizi limekuwa kama turubai: linafunika mzigo wowote. Kuna "tulikutana", kana kwamba kosa lilikuwa linapita njiani na safari yake. Na kuna sifa tano zilizopenyezwa: miaka minane, kuaminiwa, mradi mkubwa, kutolala, mfano wa kuigwa. Sentensi ya mwisho inampa msomaji ujasiri ambao hakuuomba.

Kuinyoosha, mwandishi ajibu maswali matatu kwa mdomo kabla ya kuandika tena. Mkono wako ulifanya nini hasa? Nani aligundua, na aligunduaje? Nani alilipa? Majibu yakipatikana, posti huja karibu yenyewe:

> Niliweka bikoni sita karibu mita 300 kutoka zilipotakiwa kuwa.
>
> Ramani ya zamani niliyopewa ilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS yangu ilikuwa kwenye WGS 84. Niliingiza koordineti kama zilivyo. Mashine haikulalamika.
>
> Aliyegundua ni mzee mwenye shamba la zabibu. Aliuliza kwa nini kiwanja cha mtu kimeingia kwake.
>
> Tulirudia kazi kwa siku mbili, na vibarua wanne na gari. Gharama ililipwa na ofisi, si mimi.
>
> Sikusoma maandishi ya pembezoni mwa ramani. Kazi mbili za nyuma zilikuwa za WGS 84, nikadhani zote ni hivyo.
>
> Sasa, kabla ya kuweka bikoni hata moja, nasimama kwenye bikoni ya zamani inayojulikana na kulinganisha namba. Ni kama robo saa.

Angalia kwa nini hii inasimama. Namba ya mita 300 haikupachikwa kwa kupendeza. Arc 1960 na WGS 84 zinatumia maumbo tofauti ya dunia, tena yasiyo na kitovu kimoja, kwa hiyo namba zilezile zikihamishwa bila kubadilishwa huangukia sehemu nyingine, na kwa huku kwetu tofauti hiyo ni takribani mita 300. Mpima mwenzako akisoma atatikisa kichwa kukubali. Ungeandika mita 30, angejua hapohapo kwamba hadithi imetungwa, au kwamba bado hujaelewa kosa lako mwenyewe.

Angalia pia mzee wa zabibu. Mtaalamu mwenye mashine alisahihishwa na mwenye shamba anayejua mpaka wake kwa macho. Mwandishi hakueleza hilo wala hakuongeza "hapa nilijifunza kuheshimu wananchi". Amemweka mzee mahali pake, basi. Na ile "gharama ililipwa na ofisi, si mimi" ndiyo sentensi ngumu kuliko zote kuiandika. Inamwondolea mwandishi ushujaa wa kulipia kosa lake.

Badiliko la mwisho ni dogo na lina muda: robo saa. Msomaji anaweza kulifanya kesho asubuhi. "Tangu siku hiyo nimekuwa makini zaidi" hakuna anayeweza kulifanya.

Nitajuaje kama posti yangu ni majigambo yaliyovaa kanzu ya unyenyekevu?

Kuna dalili tunazoziona kila mara.

Ya kwanza ni kosa ambalo kwa kweli ni sifa. "Kosa langu kubwa ni kufanya kazi kupita kiasi", "nilikuwa mwaminifu mno". Jiulize kama bosi angekukaripia kwa kosa hilo. Kama angekupongeza, litoe.

Ya pili ni vyeo na majina yanayoingia bila kuitwa. "Nilipokuwa nimekaa na mkurugenzi mkuu, nikagundua nimesahau kiambatisho." Kama kiambatisho kingesahaulika vilevile mbele ya karani, mkurugenzi ana kazi gani humo? Aondoke. Abaki tu kama cheo chake ndicho kilichofanya kosa litokee, kwa mfano uliogopa kumuuliza.

Ya tatu ni "wengi wananiuliza". Mara nyingi ni watu wawili. Andika "wawili wameniuliza", au anza moja kwa moja.

Ya nne inahitaji uangalifu, kwa sababu inagusa adabu yetu. Kumshukuru Mungu ni jambo la kawaida na hakuna anayekukataza. Shida huanza shukrani inapokaa palepale ambapo mafanikio yanatajwa: "Kwa neema yake nimepandishwa cheo tena." Kilichobaki kichwani kwa msomaji ni cheo. Kama unataka kushukuru, shukuru pia kwenye posti ya kosa. Ukiona hapo maneno hayaji, umeshajua shukrani ile nyingine ilikuwa ya nini.

Kipimo cha haraka: futa sentensi ya mwisho ya posti, kisha isome tena. Mara tisa kati ya kumi majigambo yalikuwa yamejificha huko. Kipimo kikali zaidi ni kumsomea kwa sauti mtu aliyekuwepo siku ile. Akiguna, rudi kwenye daftari.

Nipange vipi posti saba? Kwa kufuata miaka?

Usifuate miaka. Ukifuata miaka, mfululizo wote unakuwa ngazi: mwanzoni hujui kitu, mwishoni wewe ni mkuu wa idara. Kila posti peke yake inaweza kuwa ya kweli, lakini zikipangwa hivyo zinajenga majigambo makubwa kuliko yote, na msomaji huyaona posti ya saba inapotua.

Anza na kosa dogo lisilo na utata ili watu wauzoee mwendo. Zito kuliko yote liweke la nne. Baada yake weka jepesi kidogo. Na ya saba iwe kosa ambalo bado unalirudia. Kwa mpima wetu, inaweza kuwa ni kutoa bei kwa simu kabla ya kuliona eneo: bado anafanya hivyo mteja akimbana, na bado mafuta ya gari yanamla. Posti hiyo haina sehemu ya "sasa nafanya hivi". Ina "nimejaribu hiki na kile, havijasaidia". Ndiyo huwa inaletewa ushauri mzuri kuliko zote.

Kosa lilihusisha bosi, mteja au mwenzangu. Niandike?

Andika sehemu yako tu. "Nilisaini bila kusoma" ni yako. "Aliyeniletea karatasi alikuwa anajua" si yako, hata kama ni kweli.

Watu hudhani kuficha jina kunatosha. Dodoma imekuwa jiji tangu 2018, lakini kwa mambo ya ofisi bado ni kijiji. Ukisema "mhasibu mwanamke wa halmashauri moja hapa kati, mwaka juzi, wakati wa ukaguzi", kuna watu thelathini wameshamjua kabla hawajamaliza sentensi, na mchana jina lake litakuwa limefika kantini. Ondoa mahali, mwaka, jinsia na cheo. Kitu pekee usichokiguse ni sababu ya kosa, kwa sababu ukibadilisha sababu umebadilisha somo.

Kwa watumishi wa umma kuna mpaka mwingine. Maadili ya utumishi hayaruhusu kutoa taarifa za ofisi bila idhini, na "taarifa" ni pamoja na picha ya barua yenye namba ya jalada inayoonekana pembeni au sikrini ya mfumo nyuma ya kikombe chako cha chai. Posti hizi usiziwekee picha ya kazini. Maandishi yanatosha.

Wauguzi na wengine wanaoshika taarifa za watu wajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalolindwa zaidi. Kosa la kuchanganya mafaili ya wagonjwa wawili linaweza kuandikwa vizuri bila ugonjwa, bila wodi na bila umri. Niliita jina moja, wakanyanyuka wawili, sikuuliza la tatu. Hapo kosa limeonekana lote na mgonjwa haonekani.

Na kama jambo liko mahakamani, liko kwenye nidhamu au wakaguzi wa hesabu bado hawajafunga hoja, liache. Siyo liache kwa kulipamba. Liache kabisa, mpaka liishe.

Nitaje kiasi cha fedha?

Taja hasara, usitaje mshahara. "Nilikosea hesabu, tukanunua mifuko 40 ya saruji isiyohitajika" inaeleweka. Lakini hasara ya fedha za umma au za mteja itaje kwa vitu na siku badala ya shilingi, kwa sababu kiasi kamili humrudisha mtu kwenye risiti husika.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa lugha uliyokosea nayo. Kama mlikuwa mnaongea Kiswahili site, andika Kiswahili. Wengi hukimbilia Kiingereza kwa sababu kinaficha: "kulikuwa na upungufu wa mawasiliano" kwa lugha ya semina kunaonekana ni utaalamu, lakini "sikupokea simu yake mara tatu" ni kitu kilichotokea. Maneno ya fani yaache yalivyo: bikoni, jalada, vocha, site.

Nirushe saa ngapi?

Baada ya kazi. Mtumishi akiposti saa nne asubuhi siku ya Jumanne, mtu wa kwanza kusoma atauliza kwa nini hayuko mezani, na hilo ndilo litajadiliwa. Kati ya saa moja na saa tatu usiku panafaa. Mengine kuhusu saa ni ubishi wa watu wa matangazo.

Watu wakinijia juu au wakinisahihisha?

Tenganisha aina tatu.

Anayekukejeli ("ndiyo maana viwanja vyetu vina migogoro!") mjibu mara moja, kwa ufupi, bila kujitetea: "Ni kweli kaka, kosa la aina hii ndilo huzaa migogoro." Usirudi tena. Ukirudi mara ya tatu, posti inageuka kesi.

Anayekusahihisha kitaalamu ni zawadi. Tuseme mpima mwenzako anakuambia kwamba bikoni moja ya kulinganishia haitoshi, kwa sababu nayo inaweza kuwa iling'olewa na kurudishwa vibaya, hivyo walau ziwe mbili. Yuko sahihi. Usifute posti wala usibadilishe kimyakimya. Ongeza mstari chini: "Marekebisho: linganisha na bikoni mbili, si moja. Nimeelekezwa na mwenzangu." Kwenye LinkedIn unaweza kuhariri posti iliyokwisha kutoka. Kwa status ya WhatsApp, rusha nyingine inayofuata.

Wa tatu ndiye mgumu: mwenzako aliyekuwepo anakuja faraghani, "Shemeji, mbona hukusema mimi ndiye niliyerudi kuongea na mzee?" Kama ni kweli, ulimsahau, na kumsahau ni majigambo kwa njia ya kunyamaza. Muulize kwanza kama anataka kutajwa. Akikubali, ongeza mstari. Akikataa, andika "mwenzangu ndiye aliyerudi kuongea naye". Kinga yake ni nyepesi: kabla ya kurusha posti inayohusu kazi ya watu wengi, mtumie mmoja wao aisome.

Je, siruhusiwi kabisa kuandika jambo lililofanikiwa?

Unaruhusiwa, ukilipitisha kwenye mambo manne yaleyale. Gharama ilikuwa nini, na nani aliilipa? Sababu ya kufanikiwa ni ipi, ukiondoa bidii yako? Ukikuta kazi ilikwenda vizuri kwa sababu mvua ilichelewa wiki mbili na barabara ya vumbi ikabaki inapitika, andika mvua.

Kunyimwa cheo nako kunaandikika, ila subiri. Ukiandika wiki ileile, kila sentensi itakuwa inamlenga aliyepata. Isome rasimu baada ya miezi mitatu. Kama bado unaweza kutaja sababu moja iliyo upande wako, iko tayari.

Nisimame lini?

Unapojikuta kazini, kosa limetokea, na kabla hujalirekebisha umeshaanza kulitungia sentensi ya kwanza. Funga mfululizo hapo, hata kama umefika posti ya tano, kwanza urudi ukang'oe bikoni.